Hisa stahiki au kampuni kununua hisa zake: umiliki wako na thamani ya kila hisa vinaelekea wapi

Bahasha ilikuwa kwenye droo ya kabati la shangazi yangu, chini ya rundo la risiti. Ndani yake mlikuwa na fomu ya hisa stahiki, yaani haki anayopewa mwanahisa kununua hisa mpya za kampuni yake kwa bei iliyopangwa, yenye safu chache tu: hisa unazomiliki, hisa mpya unazostahili, bei ya kila moja, jumla ya kulipa, na siku ya mwisho. Shangazi alikuwa ameisoma mpaka kwenye jumla ya kulipa akaishia hapo. "Niliona wanadai hela, mwanangu, na mimi sikuwa nayo, nikaiweka," aliniambia. Siku ya mwisho ilikuwa imepita wiki tatu kabla. Haki zake zilishakufa, na zimekufa na pesa ambayo angeipata kwa kumpigia dalali wake simu moja, bila kutoa hata senti.

Baadaye kampuni nyingine ambayo ana hisa zake ikatangaza kwamba itanunua hisa zake yenyewe sokoni. Safari hii alinipigia usiku uleule. "Sitaki yanikute ya mara ile. Niuze kesho asubuhi?" Nikamwambia atulie, kwa sababu mambo yamegeuka: kwenye hili la pili, anayekaa kimya hanyang'anywi kitu siku hiyo, ila kuna swali lingine ambalo kwenye lile la kwanza halikuwa na uzito.

Hapo ndipo penye tofauti ninayotaka kuieleza. Kwenye hisa stahiki, bei ya hisa mpya haina maana sana kwako mradi uchukue hatua; kinachoamua ni pesa inayokusanywa inaenda kufanya nini. Kwenye kampuni kununua hisa zake, pesa inatoka na kwisha, na bei iliyolipwa ndiyo karibu kila kitu. Nitalionyesha kwa kampuni moja ya kubuni, nikiipitisha njia zote mbili kwa kiasi kilekile cha pesa. Nitahesabu kwa shilingi, ingawa sarafu yoyote itatoa jibu lilelile.

Kampuni yetu ina hisa 1,000,000. Kila hisa inauzwa sokoni kwa shilingi 200, kwa hiyo kampuni nzima ina thamani ya milioni 200. Faida yake ya mwaka baada ya kodi ni milioni 20, yaani shilingi 20 kwa kila hisa. Wewe una hisa 10,000: umiliki wako ni asilimia 1, na thamani yake ni 2,000,000.

Pesa ikiingia: hisa stahiki

Kampuni inataka milioni 37.5. Badala ya kukopa au kuuzia watu wa nje, inawageukia wanahisa wake: kila mwenye hisa nne ana haki ya kununua moja mpya kwa shilingi 150. Zinatoka hisa mpya 250,000, na 250,000 mara 150 ni milioni 37.5 kamili.

Ukiona 150 wakati sokoni ni 200, ni rahisi kudhani kampuni inatoa zawadi. Haitoi. Baada ya toleo, kampuni ina thamani ileile ya milioni 200 pamoja na milioni 37.5 taslimu, jumla milioni 237.5, na imegawanyika kwa hisa 1,250,000. Kila hisa sasa ni shilingi 190. Hii ndiyo bei ya kinadharia baada ya toleo, na ndiyo bei ambayo soko huelekea asubuhi ya siku ambayo hisa inaanza kuuzwa bila haki yake. Grafu itaonyesha mteremko kutoka 200 hadi 190, na kila mara wapo wanaouza kwa hofu siku hiyo. Hizo shilingi 10 hazijapotea. Zimehamia kwenye haki uliyonayo mkononi: kila haki ya kununua kwa 150 kitu cha 190 ina thamani ya shilingi 40, na kwa kuwa hisa nne ndizo zinazozaa haki moja, ni shilingi 10 kwa kila hisa ya zamani.

Una haki 2,500. Unaweza kuzitumia zote, kuziuza zote, au kuziacha zife. Matokeo ni haya:

| Ulichofanya | Ulichotoa au kupokea | Hisa ulizonazo | Thamani kwa 190 | Umiliki |
|---|---|---|---|---|
| Umenunua zote | Umetoa 375,000 | 12,500 | 2,375,000 | 1% |
| Umeuza haki zote | Umepokea 100,000 | 10,000 | 1,900,000 | 0.8% |
| Umekaa kimya | Hakuna | 10,000 | 1,900,000 | 0.8% |

Aliyenunua ana 2,375,000, ambazo ni zile 2,000,000 zake za mwanzo na 375,000 alizoongeza. Hajafaidika wala hajaumia, na sehemu yake haijaguswa. Aliyeuza haki ana hisa za 1,900,000 na taslimu 100,000. Mali yake imebaki ileile ila umiliki umezimuliwa, yaani sehemu yake ya kampuni imepungua. Aliyekaa kimya amezimuliwa vilevile, na zile 100,000 hana. Shangazi yangu yumo kwenye mstari huo wa tatu.

Kuna njia ya nne ambayo watu wachache huambiwa, nayo inamfaa hasa mtu asiye na pesa lakini asiyetaka kumezwa: uza sehemu ya haki, na pesa hiyohiyo itumie kulipia zilizobaki. Kwa hesabu yetu, ukiuza haki 1,974 kwa shilingi 40 unapata 78,960, zinazotosha kununua hisa mpya 526 kwa 150. Unaishia na hisa 10,526, yaani umiliki wa asilimia 0.84, bila kutoa chochote mfukoni. Shangazi angeweza kufanya hivi.

Sasa tuguse jambo linalowachanganya hata watu wazoefu. Je, punguzo kubwa zaidi ni baya zaidi? Tuseme kampuni ingetaka milioni 37.5 zilezile kwa bei ya shilingi 75. Ingelazimika kutoa hisa 500,000, moja kwa kila mbili. Bei ya kinadharia ingekuwa milioni 237.5 gawanya kwa hisa 1,500,000, yaani shilingi 158.33. Wewe ungelipa 75 mara 5,000, ambazo ni 375,000 zilezile, na ungeishia na hisa 15,000 zenye thamani ya 2,375,000 zilezile. Kwa anayenunua, hakuna kilichobadilika isipokuwa idadi ya vipande.

Kwa aliyelala, kila kitu kimebadilika. Hisa zake 10,000 sasa ni 1,583,000 hivi. Amepoteza takriban 417,000 badala ya 100,000, na umiliki umeshuka hadi asilimia 0.67. Kwa hiyo punguzo kubwa lina kazi mbili tu za kweli: kuwalazimisha watu wasipuuze, na kuipa kampuni nafasi ya kutosha bei ya soko ikiteleza kabla ya siku ya mwisho. Gharama yake inabebwa na yule ambaye barua haikumfikia.

Na hapa masharti yanatofautiana mno. Katika baadhi ya masoko, Uingereza ikiwemo, hisa ambazo hazikuchukuliwa kwenye toleo la aina hii huuzwa sokoni na ziada juu ya bei ya toleo hutumwa kwa aliyenyamaza. Kwingineko haki ikifa imekufa, na hisa zake hugawiwa wanahisa walioomba nyongeza au huchukuliwa na mdhamini wa toleo, yule aliyeahidi kununua zitakazobaki. Yapo pia matoleo ambayo haki yake haiuziki kabisa: utumie au uache. Kabla ya kusoma kurasa tukufu za mwenyekiti kwenye waraka, tafuta mstari mmoja unaosema kama haki zinauzika, na zinauzwa mpaka tarehe gani. Mara nyingi soko la haki hufungwa siku kadhaa kabla ya siku ya mwisho ya malipo, kwa hiyo mtu anaweza kujiona bado ana muda huku mlango wa kuuza umeshafungwa.

Hesabu hizi zote zinasimama juu ya nguzo moja: kwamba kila shilingi inayoingia kwenye kampuni inabaki na thamani ya shilingi kamili. Nguzo ikipinda, hakuna bei itakayokuokoa. Chukulia milioni 37.5 zimeingia kwenye mradi ambao kweli una thamani ya milioni 30. Kampuni nzima ni milioni 230, na kila hisa ni 184. Aliyenunua haki zote ana 2,300,000. Amepoteza 75,000, ambazo ni asilimia 1 yake ya milioni 7.5 zilizoungua. Aliyeuza haki mapema kwa 40 amepoteza 60,000. Ndiyo maana maneno "kwa ajili ya shughuli za jumla za kampuni" kwenye sehemu ya matumizi ya fedha hunifanya nisite. Kampuni inayojua inachokifanya huandika mashine gani, deni lipi, na lini.

Kuna dalili nyingine ya hatari ambayo haihitaji mahesabu: bei ya soko kushuka chini ya bei ya toleo wakati toleo bado liko wazi. Mwaka 2008 benki ya HBOS ya Uingereza iliomba wanahisa wake pauni bilioni 4 kwa peni 275 kwa hisa. Bei sokoni ikaanguka chini ya hapo. Wanahisa walichukua takriban asilimia 8 tu ya hisa mpya, kwa sababu nani atalipa 275 kwa kitu kinachouzwa nafuu zaidi dukani? Zilizobaki zikawa mzigo wa wadhamini kuzitafutia wanunuzi. Hali ikifika hapo haki yako haina thamani, na kuiacha ife ndiyo uamuzi sahihi. Kama bado unaitaka kampuni, nunua sokoni.

Pesa ikitoka: kampuni kununua hisa zake

Turudi mwanzo. Kampuni ileile, hisa 1,000,000 kwa shilingi 200, lakini safari hii ina milioni 37.5 zimelala benki na haina pa kuzipeleka. Inaamua kununua hisa zake sokoni kwa bei ya siku. Kwa 200 inapata hisa 187,500, ambazo zinafutwa, au zinawekwa kando na kampuni bila kura wala gawio. Zinabaki hisa 812,500.

Thamani ya kampuni imeshuka hadi milioni 162.5, kwa kuwa pesa imetoka. Igawe kwa 812,500 na unapata shilingi 200. Thamani ya hisa haijapanda hata kidogo. Umiliki wako, bila kuinua kidole, umetoka asilimia 1 hadi 1.23, lakini ni asilimia 1.23 ya kitu kidogo zaidi, nayo ni 2,000,000 zilezile.

"Sasa hizo hisa zinapungua, mbona magazeti yanasema thamani inapanda?" shangazi aliniuliza. Swali zuri, na jibu lake liko kwenye faida kwa kila hisa. Tuseme zile milioni 37.5 zilikuwa zinaingiza asilimia 6 benki baada ya kodi, yaani milioni 2.25. Zikiondoka, faida inashuka hadi milioni 17.75, lakini ikigawanywa kwa hisa 812,500 inatoa shilingi 21.85. Ilikuwa 20. Taarifa kwa vyombo vya habari itasema faida kwa hisa imekua kwa zaidi ya asilimia 9, wakati kampuni yenyewe inapata pungufu ya ilivyokuwa inapata.

Sababu ni rahisi. Hisa ya shilingi 200 inayozaa 20 inazaa asilimia 10. Kampuni imeuza kitu kinachozaa 6, yaani fedha za benki, ikanunua kinachozaa 10. Wastani lazima upande. Ila kilichokuwa kinazaa 6 hakikuwa na hatari, na kilichobaki kina hatari zaidi kwa kila shilingi, kwa hiyo soko lina haki ya kulipa kidogo kwa kila shilingi ya faida. Kampuni ingekopa milioni 37.5 hizo kwa gharama ya asilimia 12 baada ya kodi, faida ingeshuka hadi milioni 15.5, na kwa kila hisa 19.08. Faida kwa hisa ingepungua kwa ununuzi uleule, kwa bei ileile.

Mstari huo wa asilimia 10 ndio unaoziweka njia zote mbili kwenye mizani moja, na mimi huuhesabu kabla ya kingine chochote: faida kwa hisa gawanya kwa bei. Kwenye hisa stahiki, fedha mpya zisipozaa asilimia 10 au zaidi, faida kwa hisa itakuwa imerudi nyuma. Ukitaka kuhakikisha, faida ya zamani ya shilingi 20 hurekebishwa kwa 190 gawanya kwa 200, kwa sababu sehemu ya toleo ni kama hisa za bure, na inakuwa 19. Hisa 1,250,000 zikihitaji 19 kila moja zinataka faida ya milioni 23.75, yaani milioni 3.75 zaidi juu ya milioni 37.5. Ni asilimia 10 kamili. Usilinganishe 20 ya mwaka jana na ya mwaka huu bila marekebisho hayo, utaona anguko ambalo halipo.

Tuje sasa kwenye bei, maana hapa ndipo mali inapohama mikono. Mahesabu ya juu yalidhani kwamba 200 ndiyo thamani ya kweli. Tuseme biashara hii, ukihesabu kila kitu, ina thamani ya 250 kwa hisa na soko halijaamka. Kampuni inanunua kwa 200. Kilichobaki ni milioni 250 kutoa 37.5, yaani milioni 212.5, gawanya kwa 812,500: shilingi 261.54. Uliyebaki umepata 11.54 kwa kila hisa. Zimetoka kwa waliouza, ambao wameachia 50 kwa kila hisa yao.

Geuza. Thamani ya kweli ni 150 na kampuni inanunua kwa 200. Kilichobaki ni milioni 112.5 gawanya kwa 812,500, yaani 138.46. Uliyebaki umepoteza 11.54 kwa kila hisa, na aliyeuza ameondoka na 50 ya bure. Umiliki wako umepanda hadi 1.23 katika hali zote mbili. Mtu akikuambia ununuzi umekuongezea umiliki, muulize kwa bei gani, kwa maana asilimia zinapanda vilevile hata wakati unaliwa.

Linganisha na hisa stahiki: kule bei ilikuwa 150 au 75 na mwenye kununua hakuguswa, kwa kuwa kila mwanahisa aliitwa kwa uwiano wake. Kinachotoka mfuko wa kushoto kinaingia wa kulia. Ununuzi wa sokoni haumuiti kila mtu kwa uwiano. Wengine wanatoka, wengine wanabaki, na bei ndiyo inayoamua nani amempa nani.

Mifano ya pande zote mbili ipo wazi. Kampuni ya Teledyne ya Marekani chini ya Henry Singleton ilinunua takriban asilimia 90 ya hisa zake kati ya mwaka 1972 na 1984, wakati ambapo hisa zilikuwa zimedharauliwa sokoni, na huyohuyo katika miaka ya 1960 alikuwa akitoa hisa mpya kwa wingi kununulia kampuni nyingine, bei ikiwa juu. Alikuwa akitoa zikiwa ghali na kununua zikiwa rahisi. Upande wa pili ni Bed Bath & Beyond, kampuni ya maduka ya vifaa vya nyumbani ya Marekani, iliyotumia zaidi ya dola bilioni 11 kununua hisa zake kwa miaka mingi, kisha ikaomba ulinzi wa kufilisika Aprili 2023. Aliyeuza miaka ile alilipwa. Aliyebaki akaachiwa umiliki mkubwa zaidi wa duka lisilo na kitu.

Kampuni nyingi hufanya kinyume cha Singleton bila kukusudia, kwani taslimu hujaa wakati biashara imeshamiri, na biashara ikishamiri bei nayo huwa juu. Kisha hali ikiharibika, zinarudi kwa wanahisa walewale kuomba pesa kupitia hisa stahiki kwa bei ya chini. Nikiona kampuni iliyonunua kwa 200 miaka mitatu nyuma sasa inatoa kwa 75, sihitaji kusoma mengi zaidi kuhusu jinsi bodi yake inavyotunza mali ya wengine.

Kitu kingine cha kukagua kwa macho yako: idadi ya hisa. Nenda kwenye taarifa ya mwaka, tafuta hisa zilizopo mwanzo wa mwaka na mwisho wa mwaka. Kampuni inaweza kutangaza imenunua hisa 187,500, huku upande wa pili imetoa 150,000 kwa mameneja kama sehemu ya malipo yao. Hisa zimepungua 37,500 tu. Milioni 37.5 zimetumika kwa sehemu kubwa kuziba pengo la mishahara, na umiliki wako umepanda kutoka asilimia 1 hadi 1.04, si 1.23.

Nani ameshika usukani baada ya hapo

Mpaka sasa nimemzungumzia mwenye asilimia 1, ambaye kura yake haigeuzi kitu. Tumtazame mwenye hisa 450,000, asilimia 45. Kampuni inanunua zile 187,500 na yeye hauzi hata moja. Sasa ana 450,000 kati ya 812,500, asilimia 55.4. Amevuka nusu, anaweza kupitisha maazimio ya kawaida peke yake, na hakutoa senti. Zilizolipa ni fedha za kampuni, zikiwemo za kwako. Ndiyo sababu sheria za baadhi ya nchi zinahesabu ongezeko la namna hii kama kuchukua udhibiti. Uingereza, kwa mfano, mtu anayefika asilimia 30 hulazimika kuwatolea wengine ofa ya kununua, na ununuzi wa hisa za kampuni una kanuni yake ndani ya mfumo huo.

Kwenye hisa stahiki usukani huhama kwa njia nyingine, na polepole zaidi: kupitia waliolala. Mwenye asilimia 30 anachukua haki zake zote, hisa 75,000, kisha anaomba na kupewa 100,000 zilizoachwa na wengine. Ana 475,000 kati ya 1,250,000, asilimia 38. Huyu angalau amelipia, ila amelipia 150 kwa kitu cha 190. Ukimuona mwanahisa mkubwa ndiye pia mdhamini wa toleo, soma mara mbili, kwa maana yeye hunufaika ukipuuza bahasha.

Pale zinapofanana

Kuna aina moja ya ununuzi ambayo kukaa kimya kunauma kama kwenye hisa stahiki, na shangazi nilimweleza hili kwa uangalifu. Badala ya kununua sokoni kidogokidogo, kampuni inatangaza bei iliyo juu ya soko na kuwaalika wanahisa wote walete hisa zao kabla ya tarehe fulani. Tuseme inalipa 250 wakati soko ni 200. Milioni 37.5 zinanunua hisa 150,000, zinabaki 850,000, na thamani ya kila iliyobaki ni milioni 162.5 gawanya kwa 850,000: shilingi 191.18.

Wote wakileta hisa zao zote, kampuni inachukua asilimia 15 kwa kila mtu. Wewe unauza 1,500 kwa 250 na kupata 375,000, unabaki na 8,500 zenye thamani ya 1,625,000, jumla 2,000,000, umiliki asilimia 1 vilevile. Ni kama umelipwa gawio. Usipoleta kitu na wengine wakaleta, unabaki na 10,000 kwa 191.18, yaani 1,911,800 hivi. Umepoteza 88,000, ingawa umiliki umepanda hadi 1.18. Tofauti na ununuzi wa sokoni ni kwamba hapa kila mtu ameitwa kwa uwiano, na mwaliko wenye tarehe na bei nzuri kuliko ya soko una gharama kwa asiyejibu.

Ukiwa na karatasi mkononi

Kama ni hisa stahiki, hesabu kwanza bei ya kinadharia, utoe bei ya toleo, ndipo ujue haki yako ina thamani gani. Kama matumizi ya fedha yana maana na yanaweza kuvuka ile asilimia ya faida juu ya bei, nunua; kama huna pesa, uza sehemu ununue sehemu; kama huyaamini, uza haki zote mapema, na pengine hata hisa. Kitu pekee ambacho hakina hoja yoyote ni kunyamaza wakati haki ina thamani.

Kama ni ununuzi wa sokoni, usikimbilie popote. Jiulize kama wewe mwenyewe ungenunua hisa hiyo leo kwa bei hiyo. Ungenunua, kaa, kwa kuwa kampuni inakununulia. Usingenunua, basi kampuni imekuletea mnunuzi mwenye pesa nyingi, na huo ni wakati mzuri wa kuuza. Tazama pia fedha zimetoka wapi. Za akiba ni tofauti na za mkopo.

Shangazi hakuuza. Tulikaa na taarifa ya mwaka, tukakuta hisa zimepungua kweli na deni halijaongezeka, na yeye akasema kwa bei ile angeongeza kama angekuwa nacho. Halafu akanipa kazi ya kumpigia dalali kumuuliza jambo moja ambalo siku ya ile bahasha hakulijua. Hisa zake zinashikwa kwa jina la dalali, na dalali huhitaji maelekezo ya mteja siku mbili tatu kabla ya tarehe iliyochapishwa na kampuni. Tarehe hiyo ya mapema haiandikwi kwenye waraka wa kampuni. Lazima uulize.